Bima ya maisha yenye akiba, au bima tupu na uwekezaji wa pembeni: ulinganisho kwa mtu wa kipato cha msimu

Wakala wa bima anayepita madukani na maofisini Mtwara, Masasi au Newala huwa na sentensi moja inayofanya kazi kubwa kuliko vipeperushi vyake vyote: "Kaka, ukifariki familia inalipwa, usipofariki unalipwa wewe mwenyewe." Sentensi hiyo ni ya kweli. Isichokisema ni gharama ya nusu yake ya pili, wala yanayompata mteja ambaye hakufariki lakini pia hakuweza kulipa mpaka mwisho. Kwa mtu ambaye fedha zake nyingi huingia kati ya Oktoba na Januari, minada ya korosho inapoendelea, hao wanaoishia njiani si wachache wa kupuuzwa, na ulinganisho huu unaanzia kwao.

Njia ya kwanza ni mkataba mmoja unaobeba mambo mawili. Mteja hulipa ada kila mwezi kwa miaka kumi, kumi na mitano au zaidi. Akifariki ndani ya muda huo, warithi aliowaandika hulipwa kiasi kilichokatiwa bima pamoja na bonasi zilizokwisha kuongezwa, na akifika mwisho akiwa hai, analipwa mwenyewe. Mikataba inayouzwa kwa jina la bima ya elimu ya mtoto mara nyingi ni ya ukoo huu huu, ikiwa na tofauti ndogo katika namna ya kulipa. Njia ya pili ni kununua bima ya muda maalumu, ambayo hapa naiita bima tupu kwa kuwa hailipi kitu chochote ukiwa hai, na kwa sababu hiyo ada yake ni ndogo, kisha fedha inayobaki ikawekezwa mahali pengine kwa jina lako mwenyewe.

Ipo pia aina ya tatu iliyo katikati, ambayo sehemu ya fedha yako hununua vipande vya mfuko unaowekeza fedha za watu wengi kwa pamoja, na sehemu nyingine hulipia kinga ya maisha. Mfuko wa Wekeza Maisha wa UTT AMIS, kampuni ya Serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji, ulioanzishwa mwaka 2007, ni wa namna hiyo. Ubora wake ni kwamba bei ya kipande inaonekana, kwa hiyo mteja anajua fedha yake imefikia wapi. Hesabu zilizo hapa chini hazihusu aina hiyo, bali mkataba wa bonasi, kwa kuwa huo ndio unaotembezwa zaidi na mawakala na ndio mgumu zaidi kuupima kwa macho.

Mfano wa mwenye duka wa Newala

Tuchukue mtu wa miaka 34 mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Newala na mikorosho ya urithi kijijini, ana mke na watoto wawili wadogo, hana mwajiri, wala hana michango ya hifadhi ya jamii. Amepanga kutenga shilingi 100,000 kwa mwezi kwa miaka 15. Viwango vifuatavyo ni vya mfano, vimechaguliwa vifanane na vile ambavyo mtu wa umri wake anaweza kukutana navyo, na msomaji anapaswa kuweka vya kwake badala ya hivi.

Katika njia ya kwanza, kwa ada hiyo anapewa kinga ya shilingi 16,000,000, na kampuni inakadiria bonasi ya asilimia 3.5 ya kiasi hicho kila mwaka, yaani shilingi 560,000. Bonasi hii haizai bonasi nyingine, inajumlishwa tu. Baada ya miaka 15 bonasi zote zinakuwa shilingi 8,400,000, na malipo ya mwisho ni shilingi 24,400,000. Kwa kuwa atakuwa ametoa jumla ya shilingi 18,000,000, wakala atamwonyesha kwamba amepata faida ya milioni 6.4 na kinga juu yake.

Hesabu hiyo ya kutoa na kujumlisha ndiyo inayowapoteza wengi, kwa sababu haihesabu muda. Shilingi 100,000 ya mwezi wa kwanza imekaa kwa kampuni miaka 15, na ya mwezi wa mwisho imekaa wiki chache. Ukiuliza ni riba gani ya mwaka ingezifanya ada hizo zifikie milioni 24.4, jibu ni karibu asilimia 4. Mfumuko wa bei nchini tangu mwaka 2018 umekuwa ukitembea kati ya asilimia 3 na chini kidogo ya 5 kwa mwaka, kwa hiyo anachopokea mwisho kina uwezo wa kununua unaokaribia ule wa alichotoa, hakuna zaidi. Hiyo si dhuluma, kwa sababu ndani yake amelipia kinga ya maisha kwa miaka 15, lakini pia si uwekezaji katika maana ambayo mteja aliielewa siku ya kusaini. Isitoshe, bonasi iliyokwisha kutangazwa kwa kawaida haiondolewi, ila ya miaka ijayo ni makadirio tu, na karatasi ya makadirio huandikwa na anayeuza.

Katika njia ya pili, kinga ile ile ya shilingi 16,000,000 tuseme inamgharimu shilingi 9,000 kwa mwezi, na shilingi 91,000 zinazobaki anaziweka kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Mfuko ukimpa asilimia 0.8 kwa mwezi baada ya gharama, ambayo ni karibu asilimia 10 kwa mwaka, miaka 15 ikiisha atakuwa na shilingi milioni 36.4. Ukimpa asilimia 7 kwa mwaka, atakuwa na milioni 28.3. Mstari wa kugawanya njia hizi mbili uko karibu sana na asilimia 5: chini ya hapo mkataba wenye akiba unashinda, juu ya hapo unashindwa.

| Kinachotokea | Bima yenye akiba | Bima tupu na mfuko |
|---|---|---|
| Anaacha kulipa baada ya miezi 20 | Hapati kitu | Karibu milioni 1.96 |
| Anafariki mwisho wa mwaka wa 5 | Milioni 18.8 | Karibu milioni 23 |
| Anamaliza miaka 15, mfuko ukitoa asilimia 10 | Milioni 24.4 | Milioni 36.4 |
| Anamaliza miaka 15, mfuko ukitoa asilimia 7 | Milioni 24.4 | Milioni 28.3 |
| Anamaliza miaka 15, mfuko ukitoa asilimia 5 | Milioni 24.4 | Milioni 24.1 |

Je, asilimia inayozidi 5 ni matarajio ya haki? Kipimo cha karibu ni hatifungani za Serikali, yaani hati za mkopo ambao Serikali huchukua kwa wananchi na taasisi, ambazo ndizo mali kuu ndani ya mifuko mingi ya aina hii na ndizo pia ambazo kampuni za bima zenyewe hununua kwa ada za wateja. Hatifungani ya miaka 25 ilipoanza kuuzwa mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, na mwaka 2022 zile mpya zikashushwa hadi 12.56. Viwango vinapanda na kushuka, na hakuna anayeweza kuahidi ya miaka 15 ijayo, lakini mtu anayedhani kwamba kupata asilimia 7 hapa nchini kunahitaji ujasiri wa mcheza kamari hajatazama minada ya Benki Kuu.

Pale malipo yanaposimama

Safu ya kwanza ya jedwali inastahili nafasi kubwa kuliko zote, ingawa ndiyo isiyozungumzwa dukani.

Mkataba wenye akiba hauna thamani ya kuvunjwa katika miaka yake ya kwanza, kwa kawaida miwili au mitatu kutegemea kampuni. Sababu si fumbo. Sehemu kubwa ya ada za mwaka wa kwanza hulipa kamisheni ya wakala na gharama za kufungua mkataba, sehemu nyingine hulipia hatari ya kifo, na kinachobaki kuwa akiba ni kidogo mno. Anayeacha baada ya miezi 20 ameshatoa shilingi milioni 2 na anaondoka mikono mitupu. Mwenzake wa njia ya pili ametoa milioni 2 hizo hizo, ametumia 180,000 kwa kinga aliyokuwa nayo kweli, na mfuko wake una karibu milioni 1.96.

Kabla ya kufikia hapo mkataba hupitia hatua kadhaa. Ada isipolipwa tarehe yake, mteja hupewa muda wa nyongeza, mara nyingi siku 30, na kinga huendelea katika siku hizo. Zikipita, mkataba hulala. Kuuamsha kunawezekana ndani ya kipindi kilichoandikwa mkatabani, lakini mteja hulipa malimbikizo pamoja na riba, na anaweza kutakiwa kupimwa afya upya, jambo ambalo aliyepatikana na kisukari au shinikizo la damu katika kipindi hicho atalijutia. Iwapo mkataba umevuka ile miaka ya mwanzo, ipo njia nyingine ambayo mawakala wachache huitaja: kuacha kulipa bila kuvunja, ili kinga ipunguzwe kulingana na ada zilizolipwa. Mwenye duka wetu akisimama baada ya ada 60 kati ya 180, kinga yake ya milioni 16 hushuka na kuwa karibu milioni 5.3, nayo hulipwa akifariki au muda ukifika.

Sasa hayo yaweke juu ya kalenda ya Kusini. Fedha ya korosho haiingii kila mwezi. Mkulima hupeleka mzigo chama cha msingi, chama hupeleka ghala kuu, chama kikuu kama TANECU au MAMCU huendesha mnada, na malipo huja benki baadaye. Kuanzia miezi ya kupulizia salfa mpaka mavuno, kipindi ambacho fedha inatoka tu bila kuingia, ndipo ada za kila mwezi huanza kukosekana. Upande wa Lindi ufuta huleta fedha katikati ya mwaka na kupunguza ukali huo, ila hauondoi. Na duka la mjini nalo haliko mbali na korosho kama mwenyewe anavyodhani, kwa kuwa wanaonunua mabati na saruji ni wale wale waliouza mzigo.

Msimu wa 2018/2019 ndio kipimo ambacho kila mtu wa Mtwara anakikumbuka. Wafanyabiashara walitoa bei ambazo wakulima walizikataa, mwezi Novemba Rais wa wakati huo, John Magufuli, akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia kubeba mzigo, na wakulima wengi wakasubiri malipo yao mpaka ndani ya mwaka 2019. Bei ile ilikuwa nzuri. Lakini ada ya bima haisubiri uhakiki wa wakulima, na mkataba wa siku 30 za nyongeza haukutungwa kwa ajili ya hali ya namna hiyo.

Mawakala wenye busara hupendekeza kulipa kwa mwaka badala ya kwa mwezi, mara tu baada ya mnada. Ni ushauri mzuri, nao unafichua tofauti halisi ya njia hizi mbili. Ada ya mwaka ya bima yenye akiba katika mfano wetu ni shilingi 1,200,000, na ya bima tupu ni shilingi 108,000. Msimu ukiwa mbaya, 108,000 hupatikana hata kwa kuuza mbuzi wawili au watatu, na kinga ya milioni 16 inabaki hai. Milioni 1.2 haipatikani, na kinachoanguka si akiba peke yake bali na kinga ya watoto, katika mwaka ule ule ambao familia haina chochote kingine. Mtu anayeunganisha mambo haya mawili ameifunga kinga ya lazima kwenye akiba ya hiari, na siku akiba inapomshinda, kinga inaondoka nayo. Hoja hii naiona nzito kuliko tofauti yote ya milioni 12 iliyo kwenye jedwali.

Hoja ya nidhamu, na kiasi chake

Wanaotetea mkataba wenye akiba husema kwamba watu hawawekezi hiyo tofauti, wanaila. Wana haki ya kusema hivyo. Vipande vya mfuko vinauzwa na fedha inafika ndani ya siku chache za kazi, ndugu wanajua kuomba, na katika miji ya Mtwara na Lindi msimu wa korosho ukikutana na sherehe za jando na unyago hata mtu makini hujikuta amefungua mkoba zaidi ya alivyopanga. Ugumu wa kuvunja mkataba wa bima ni ulinzi pia.

Lakini hoja hiyo inaweza kupimwa badala ya kurudiwa tu. Kwa mfuko wa asilimia 10, mwenye duka akiweka fedha miezi minane tu kati ya kumi na miwili kila mwaka, akashindwa minne yote ya kiangazi, baada ya miaka 15 atakuwa na karibu milioni 24.2, ambayo ni karibu sawa kabisa na milioni 24.4 za mkataba ambao haukuruhusu kukosa hata mara chache. Kwa maneno mengine, anaruhusiwa kuwa na theluthi ya uzembe kabla njia ya kwanza haijamfikia. Kwa asilimia 7 nafasi hiyo hupungua sana, akiruhusiwa kukosa kama mwezi mmoja na nusu hivi kwa mwaka. Anayejijua kwamba atakula zaidi ya hapo ana sababu ya kweli ya kuchagua mkataba, mradi ajiulize pia kama mtu wa tabia hiyo atalipa ada 180 bila kuanguka.

Kinachoharibu njia ya pili kuliko uzembe ni mahali tofauti inapopelekwa. Wapo wanaosema watawekeza na wakanunua mikorosho zaidi. Shamba ni mali nzuri, ila mti mpya huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa vya kutosha, na msimu unaoharibu mapato ya duka ndio huo huo utakaoharibu akiba. Wapo pia wanaovutwa na michezo ya kupanda mbegu na kuvuna maradufu, na waliokuwa watu wazima mwaka 2009 wanakumbuka ilivyokuwa kwa DECI, mchezo wa namna hiyo ulioanguka na fedha za watu. Tofauti inayozungumzwa hapa ni ya kwenda kwenye mfuko unaosimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, kama Mfuko wa Ukwasi au wa Hatifungani wa UTT AMIS, ambako mtu hununua vipande kwa simu akiwa Tandahimba au Liwale bila kusafiri. Fedha ikishafika shilingi milioni moja, anaweza kununua hatifungani moja kwa moja kupitia benki yake, na riba huingia kila baada ya miezi sita. Hatifungani ndefu zina faida ya pembeni: haziuziki kwa haraka kama vipande, kwa hiyo ombi la shangazi la Ijumaa jioni hukuta mlango umefungwa.

Msomaji anayejiepusha na riba kwa sababu ya dini, na wengi wa pwani ya Kusini wako hivyo, asidhani kwamba swali hilo linaamua kati ya njia hizi mbili, kwa kuwa bonasi za bima ya kawaida nazo hutokana kwa sehemu kubwa na hatifungani na amana za benki. Tangu TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, ilipotoa miongozo ya takafuli, yaani bima ya kufuata sharia ya Kiislamu, mwaka 2022, upo mlango mwingine wa kuulizia, na ulinganisho wa kutenganisha au kuunganisha unaweza kufanywa ndani yake kwa hesabu hizi hizi.

Fedha ya marehemu inamfikia nani

Hapa mkataba wa bima, wa aina zote mbili, una nguvu ambayo mfuko na akaunti ya benki havina. Mnufaika aliyeandikwa hudai kwa cheti cha kifo na nyaraka za mkataba, na kwa kawaida hulipwa yeye. Vipande, hatifungani na salio la benki ni sehemu ya mirathi: familia hukaa kikao, humteua msimamizi, muhtasari hupelekwa mahakama ya mwanzo, tangazo hubandikwa, na miezi hupita.

Katika jamii za Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ambako ukoo kwa desturi umefuata upande wa mama, kikao hicho kinaweza kuwa na sauti tatu: ya wajomba na watoto wa dada, ya masheikh wenye mafungu ya Kiislamu, na ya mjane mwenye watoto. Sisemi ipi ina haki. Nasema tu kwamba fedha iliyoandikwa jina la mnufaika haiingii kwenye mabishano hayo kwa urahisi, na iliyo kwenye mfuko inaingia moja kwa moja.

Katika mfano wetu, mwenye duka akifariki mwisho wa mwaka wa tano, mkataba wenye akiba unampa mkewe milioni 18.8 zote kwa njia fupi. Katika njia ya pili milioni 16 zinakuja kwa njia fupi na milioni 7 hivi zinasubiri mahakama. Bado jumla ni kubwa, na sehemu ya haraka imepungua kwa milioni 2.8. Anayeona pengo hilo ni kubwa anaweza kuliziba kwa kununua bima tupu ya milioni 20 badala ya 16, kwa nyongeza ya shilingi 2,250 hivi kwa mwezi. Watoto wadogo wasiandikwe peke yao kama wanufaika bila kutaja mlezi, kwa sababu kampuni haimkabidhi mtoto fedha mkononi, na mlezi asipotajwa suala zima linarudi kwenye kikao kile kile lililokusudiwa kukiepuka.

Tahadhari moja kuhusu kinga ambayo mtu hudhani tayari anayo. Bima inayokatwa kwenye mkopo wa benki au SACCOS hulipa deni, haiilipi familia. Ni jambo jema, maana nyumba haiuzwi, lakini mjane hatanunulia unga.

Nani achague nini

Kwa mwenye kipato cha msimu bila mwajiri, naona jibu liko wazi: bima tupu kwanza, ilipwe kwa mwaka mara baada ya mnada, kisha mfuko upokee kinachopatikana kila kinapopatikana. Ugumu wake ni wa kuipata. Wakala hulipwa kidogo kwa bima ya muda maalumu, kwa hiyo hataianzisha yeye, na baadhi watasema haipo. Mteja aitaje kwa jina, aulize zaidi ya kampuni moja, na akijibiwa kwamba haiuzwi kwa mtu mmoja mmoja, aulizie bima ya kikundi kupitia chama chake. Usajili wa kampuni na wakala unaweza kuulizwa TIRA.

Mwalimu wa Nachingwea au muuguzi wa Hospitali ya Ligula yuko katika hali nyingine. Mshahara wake huja kila mwezi, makato yanaweza kufanyika kabla fedha haijamfikia, na PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, ina mafao ya warithi, kwa hiyo hatari ya mkataba kulala ni ndogo na kinga anayohitaji nayo ni ndogo. Kwake bima yenye akiba si kosa. Bado atapata kidogo kuliko angetenganisha, lakini ananunua utulivu wa kutofikiri, na wapo watu ambao bei hiyo kwao ni halali. Aombe tu kwa maandishi bonasi zilizotangazwa kweli katika miaka mitano iliyopita, si za makadirio, na jedwali la thamani ya kuvunja mkataba kwa kila mwaka. Wakala anayechelewesha karatasi hiyo ya pili ameshajibu.

Wanaobaki ni wale ambao tayari wako ndani, na kwao ulinganisho hubadilika, maana ada zilizokwisha kulipwa hazirudi kwa uamuzi wowote. Tuseme mwenye duka amelipa miaka saba na kampuni inampa shilingi 5,600,000 akivunja leo. Akizipokea, akaziweka kwenye mfuko wa asilimia 10, akanunua bima tupu mpya ambayo sasa kwa umri wake ni shilingi 12,000, na akaongeza 88,000 kila mwezi kwa miaka minane iliyobaki, atafikisha karibu milioni 24.7. Akiendelea na mkataba atapata milioni 24.4. Tofauti ya laki tatu haitoshi kulipia hatari ya mfuko kushuka, wala ya kukataliwa bima mpya kwa sababu ya afya. Huyu aendelee.

Aliye mwaka wa pili au wa tatu yuko upande wa pili wa mstari, kwa sababu kwake miaka iliyobaki ni mingi na alichopoteza ni kidogo. Na kama ada imemshinda lakini mkataba umeshapata thamani, asiuvunje kabla ya kuuliza kinga iliyopunguzwa ingekuwa shilingi ngapi. Kwa wote hao utaratibu ni mmoja: barua ya kampuni yenye thamani ya kuvunja na kinga iliyopunguzwa kwa tarehe ya leo ipatikane kwanza, bima mpya ikubaliwe na ianze kufanya kazi, na hapo ndipo mkataba wa zamani usimamishwe. Anayeanza na kuvunja hukaa wiki kadhaa bila kinga, na kampuni mpya ikimkataa hana pa kurudi.